Cheti cha kuokoa si cheti cha kufundisha

Wenzangu wengi hapa chuoni wananiuliza: "Nina cheti cha huduma ya kwanza, kwa nini nisifundishe?" Kwa mfumo wa Shirika la Moyo la Marekani (AHA), ambao mimi nafundishia, bado kuna ngazi. Kwanza uwe na kadi ya uokoaji ambayo haijaisha muda. Pili, kituo cha mafunzo kikubali kukupokea. Tatu, usome kozi ya wakufunzi. Halafu, ndani ya miezi 6, unafundisha darasa halisi huku mkaguzi amekaa pembeni na fomu yake.

Hapo ndipo penye kazi. Mkaguzi haangalii tena kama wewe unajua kubonyeza kifua. Anaangalia kama unaliona kosa la mwanafunzi. Tuseme anabonyeza mara 110 kwa dakika, kina sentimita 5. Safi kabisa, ila anaegemea, kifua cha mdoli hakirudi juu. Moyo hujaa damu kifua kinaporudi, kwa hiyo mbonyezo unaofuata unasukuma damu kidogo. Ukikodolea saa tu, hulioni kosa hilo. Chutama ubavuni, tazama viganja vyake. Usimsimamishe, usimpe mhadhara. Mwambie tu, "Achia kifua kipande," naye aendelee.

Kadi ya ukufunzi inadumu miaka 2. Ili uihuishe, ndani ya muda huo uwe umefundisha angalau kozi 4, na ukaguliwe tena ukiwa darasani. Maana jicho la mkufunzi nalo, lisipotumika, linalala.