Slaidi moja, tendo moja, sababu moja

Mfululizo wa slaidi katika Instagram ni picha kadhaa zilizowekwa kwenye chapisho moja, ambazo msomaji huzipitia kwa kutelezesha kidole. Mtandao huo huruhusu hadi picha 20 katika chapisho moja, lakini kwa klabu ya mazingira ya shule inayotaka kufundisha upandaji miti, slaidi nane au tisa zinatosha, mradi kila moja ibebe tendo moja la kufanywa pale shuleni na sababu moja ya tendo hilo.

Ugumu uko kwenye sababu. Klabu ikiandika "Panda mti, miti hutupatia hewa safi", kisha "Mwagilia mche, miti huzuia jangwa", maneno hayo ni ya kweli, ila hayaelezi tendo. Hewa safi ni sababu ya kuwa na miti duniani. Haimwambii mwanafunzi kwa nini achimbe shimo la kina fulani au kwa nini apande Januari badala ya Aprili. Kipimo chake ni rahisi: hamisha sababu ya slaidi ya tatu uipeleke kwenye slaidi ya tano. Ikikaa vizuri huko pia, basi haikuwa sababu ya tendo lolote kati ya hayo mawili. Sababu nzuri inafaa tendo lake peke yake, na ni bora zaidi ikiwa mwanafunzi anaweza kwenda uwanjani kuithibitisha kwa macho.

Mfano unaofaa kufuatwa hatua kwa hatua ni shule ya sekondari ya kutwa pembezoni mwa jiji la Dodoma. Mvua huko ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili, na jumla yake kwa mwaka haiendi mbali na milimita 600. Miezi inayobaki ni kiangazi chenye upepo na vumbi. Mazingira hayo ndiyo yanayoamua slaidi ziseme nini. Mfululizo uliotengenezwa kwa ajili ya Bukoba, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, usingefaa Dodoma hata kama ungekuwa na picha nzuri kuliko zote.

Slaidi ya kwanza ndiyo inayomfanya msomaji asimame, kwa hiyo ianze na kitu anachokihisi mwilini. "Panda mwarobaini upande wa magharibi wa darasa. Jua la alasiri hupiga ukuta huo hadi kengele ya kutoka." Mwarobaini umezoeleka Dodoma, hustahimili ukame, na hubaki na majani sehemu kubwa ya kiangazi, wakati kivuli kinapohitajika zaidi. Mwanafunzi aliyewahi kukaa dirisha la magharibi saa tisa alasiri hahitaji takwimu. Maelezo yanayosalia, kama vile kuacha mita tano au sita kati ya mti na ukuta ili matawi na mizizi visisumbue jengo, yawekwe kwenye maandishi ya chini ya chapisho. Yakibanwa ndani ya picha, slaidi itakuwa na matendo mawili.

Inayofuata ni ya shimo: upana wa sentimita 60, kina cha sentimita 60, lichimbwe Oktoba au Novemba. Ardhi wakati huo ni ngumu na kazi inachosha, ndiyo maana sababu lazima iwe wazi: mvua ya kwanza ikute shimo na kuzama, badala ya kuteleza juu ya udongo mkavu na kuishia mtaroni. Wanaochimba hutenga udongo wa juu, ambao ni mweusi zaidi na una rutuba, ili urudishwe chini karibu na mizizi siku ya kupanda.

Slaidi ya tarehe inahitaji uangalifu kuliko nyingine, kwa sababu inakwenda kinyume na mazoea. Siku ya Taifa ya Upandaji Miti nchini Tanzania ni tarehe 1 Aprili, na shule nyingi husubiri siku hiyo. Kwa maeneo ambayo masika yanaanza Machi, tarehe hiyo inafaa. Dodoma, Aprili ni mwisho wa mvua: mche uliopandwa siku hiyo unaingia kwenye miezi saba ya ukavu ukiwa na mizizi mifupi. Desemba nayo ina tatizo lake, maana shule imefungwa na hakuna wa kuangalia miche. Wakati unaobaki ni siku za kwanza baada ya shule kufunguliwa Januari, ardhi ikiwa imekwisha kulowa. Slaidi iseme hivyo: "Panda wiki ya kwanza ya muhula, Januari. Februari mvua hukatika mara nyingi, na mche unahitaji kushika kabla ya hapo." Tarehe 1 Aprili haipotei, klabu inaweza kuitumia kwa palizi na kujaza nafasi za miche michache iliyokufa, kwa makubaliano kwamba miche hiyo mipya itamwagiliwa zaidi.

Slaidi ya nne ni ya kiriba, ule mrija wa plastiki nyeusi unaooteshewa mche kitaluni. "Chana kiriba chote, ukitoe kabla ya kufukia. Mizizi iliyofungiwa hujizungusha na kujikaba." Kosa hili ni la hatari kwa kuwa halionekani mapema. Mche uliopandwa pamoja na kiriba chake unaweza kuota majani mapya msimu wa kwanza na kumfurahisha kila mtu. Baadaye unadumaa, au unang'olewa na upepo mti ukiwa umefikia kimo cha mtu, na mizizi yake inakutwa imejiviringisha katika umbo lilelile la kiriba. Picha ya slaidi hii ioneshe mizizi hiyo na wembe unaochana plastiki. Hapa picha hufundisha kuliko maneno. Viriba vilivyochanwa vikusanywe na kuhesabiwa: idadi ya viriba mikononi ikiwa pungufu ya idadi ya miche ardhini, vimefukiwa vingine.

Baada ya mche kusimama kuna matandazo, na hapa panatosha maneno machache: tandaza nyasi kavu kuzunguka mche, unene wa vidole vinne, ili jua lisikaushe udongo. Kwa Dodoma iongezwe kwenye maelezo ya chini kwamba nyasi ziachwe mbali na shina kwa upana wa kiganja. Mchwa hupenda nyasi kavu, na zikigusa shina huhamia kwenye gome.

Mbuzi wanastahili slaidi yao. Wakati wa kilimo mifugo huchungwa kwa uangalifu, lakini baada ya mavuno huachwa ikitembea, na shule isiyo na uzio huwa njia yake. "Zungushia mche matawi ya miiba, mita moja kwenda juu. Mbuzi huanza na ncha, na ncha ndiyo inayokua." Sababu hii ni ya tendo hasa, kwa kuwa inaeleza pia kwa nini uzio mfupi haufai: mbuzi husimama kwa miguu ya nyuma. Miiba ya mgunga hupatikana bila kununua, lakini ikatwe matawi ya pembeni tu, mti wenyewe usiangushwe.

Slaidi ya kumwagilia huandikwa mara nyingi kama "Mwagilia kila siku", na huo ni ushauri mbaya kwa shule yenye bomba moja. Kikombe cha maji kila asubuhi hulowesha sentimita chache za juu, na mizizi hubaki hukohuko juu ikisubiri. Ndoo ya lita 10 mara moja kwa wiki, ikimiminwa taratibu ndani ya kisahani cha udongo kinachozunguka mche, huzama hadi mizizi ilipo na kuivuta chini. Slaidi ibakie na hayo: "Ndoo moja kwa wiki. Maji yaliyozama huvuta mizizi chini." Zamu za likizo ya Juni zipangwe kwa majina ya wanafunzi wanaoishi jirani na shule.

Kuna slaidi moja ambayo huwashangaza wanafunzi kwa kuwa haina mche. Mkoani Dodoma, taasisi ya LEAD Foundation imeeneza mbinu iitwayo kisiki hai, inayotumia visiki vya miti ya asili ambavyo bado vina uhai chini ya ardhi. Visiki hivyo huchipua kila mvua inaponyesha, lakini machipukizi huwa mengi, yanagombania chakula, na kubaki kichaka. Tendo ni kuchagua machipukizi machache yenye nguvu, kupogoa mengine, na kufunga kitambaa cha rangi ili yasikatwe kwa kuni. Sababu ni moja na inatosha: "Mizizi ipo tayari, haiombi maji." Shule yenye uwanja mkubwa wa nyuma ikague visiki vyake kabla ya kuomba miche, maana kila kisiki kilichoamshwa huipunguzia klabu ndoo ya maji ya kila wiki.

Slaidi ya mwisho ni ya hesabu. Wengi huhesabu miche iliyopandwa, lakini hesabu yenye faida ni ya miche iliyo hai mwishoni mwa Novemba, kabla mvua haijarudi. Vuguvugu la Green Belt, lililoanzishwa na Wangari Maathai nchini Kenya mwaka 1977, liliwalipa wanawake kiasi kidogo kwa kila mche uliopona, na malipo hayo yaligeuza macho ya watu kutoka siku ya kupanda kwenda kwenye matunzo. Kwa klabu, mwanachama hukwaruza gome kwa ukucha: chini yake pakiwa kijani, mche ni mzima hata kama hauna jani. Uliokufa nao hueleza chanzo chake. Ncha iliyokatwa ni mbuzi; gome lililoliwa karibu na ardhi na kufunikwa udongo ni mchwa; shina zima lililokauka bila jeraha ni kukosa maji. "Hesabu iliyo hai Novemba. Iliyokufa hukuonesha slaidi gani haikufuatwa."

Kuhusu utengenezaji, picha ya wima ya pikseli 1080 kwa 1350 hujaza sehemu kubwa ya kioo cha simu. Maneno yasizidi 20 kwa slaidi, tendo kwa herufi kubwa na sababu chini yake kwa herufi ndogo kidogo. Picha ipigwe shuleni hapo, ioneshe mikono ikifanya kazi, kwani inaeleza tendo vizuri zaidi na haihitaji kuonesha sura za watoto. Kila slaidi ijitegemee, kwa sababu mzazi anaweza kutumiwa moja tu kwenye kundi la WhatsApp bila zile nyingine. Na kwa kuwa shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, mwalimu mlezi ndiye huchapisha, na nakala za karatasi hubandikwa kwenye ubao wa matangazo kwa mpangilio uleule.

Kwa shule ya Dodoma, mfululizo huu unapaswa kuwa ubaoni ifikapo mwisho wa Septemba, kwa sababu mashimo huanza kuchimbwa Oktoba.