HONGERA YAKO ISEME ALICHOPEWA, SI UNACHOKISIA



Ndugu mwanafunzi, katika toleo hili nimeona tuzungumzie jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya, na wengi wetu hulikosea bila ya kujua. Nalo ni kumpongeza mwenzako aliyefaulu mtihani, aliyepata kazi au aliyejaaliwa mtoto. Nitaanza na mtoto, kwa sababu hapo ndipo nilipoyaona makosa kwa macho yangu.

Mama mmoja jirani yetu hapa Nyamisangura alijifungua mtoto wa kike. Alikuwa na mabinti watatu kabla ya huyo. Wanafunzi wetu wa kike wakafuatana kwenda kumtazama mzazi, wamebeba sabuni na kilo ya sukari kama ilivyo kawaida. Mmoja wao, kwa nia njema kabisa, akasema: "Hongera mama, Mungu akujaalie na wa kiume sasa." Yule mama akaitikia amin kwa sauti ndogo, kisha akamfunika mtoto kwa kanga. Mke wangu alikuwepo, na yeye ndiye aliyenihadithia. Wenzake walicheka tu, wakidhani ni dua.

Tuitazame ile sentensi. Neno la kwanza ni hongera, na hilo ni sawa. Yaliyofuata yote hayamhusu mtoto aliyelala pale kitandani. Yanamhusu mtoto mwingine ambaye hayupo. Mama ametoka katika uchungu, amepewa mtoto mzima, naye anaambiwa kwamba kilichokuja sicho kilichotakiwa. Hapa kwetu Tarime maneno hayo huyasikia sana, wakati mwingine kutoka kwa wakwe zake mwenyewe, kwa hiyo yakitoka pia kwa wageni waliokuja kumpongeza huwa ni mzigo juu ya mzigo. Na sisi tuliosoma Suratun-Nahl tunajua jinsi Qur'an ilivyowalaumu watu ambao nyuso zao zilisawijika walipobashiriwa mtoto wa kike.

Basi alitakiwa asemeje? Maneno machache tu yangetosha: "Hongera mama kwa kujifungua salama. Mashaallah, mtoto mzuri. Mwenyezi Mungu amkuze katika kheri." Kisha anyamaze, akae kidogo, aage. Mzazi wa siku mbili au tatu hana nguvu ya kusikiliza hotuba.

Wengine hutanguliza pole, wakasema "pole na hongera". Hilo ni zuri, maana uzazi una vyote viwili, maumivu na neema. Wajuzi wa lugha wanatueleza kuwa hongera ina ndugu yake, kitenzi kuhongea, yaani kupita salama katika jambo zito kama vile uzazi. Ukilijua hilo utaona kwa nini hongera ya mtoto humwendea mama kwanza, kisha ndiyo baba. Nimewahi kuona vijana wanampongeza baba barazani kwa kelele na kumpiga mabega, na mama ndani hakupelekewa hata salamu. Kama huwezi kuingia ndani, mwambie baba: "Hongereni, na umfikishie mama salamu zetu." Neno hongereni lipo kwa kazi hiyo, kwa kuwa waliopewa ni wawili.

Kosa la kukisia ni la zamani sana. Imenukuliwa kuwa watu wa zama za kale walipompongeza aliyezaliwa mtoto walimwombea afurahi kwa kumpata "mpanda farasi". Mtu mmoja akayasema hayo mbele ya Hasan al-Basri, yule mwanachuoni wa Basra aliyefariki mwaka 110 Hijria, sawa na 728 Miladia. Hasan akamwuliza amejuaje kwamba mtoto huyo atakuwa mpanda farasi. Kisha akamfundisha dua yenye mambo manne. Mzazi abarikiwe katika alichopewa, ajaaliwe kumshukuru aliyempa, mtoto afikie utu uzima wake, na mzazi aupate wema wa mtoto huyo. Ibn al-Qayyim ameitaja habari hii katika kitabu chake cha Tuhfat al-Mawdud kinachohusu hukumu za mtoto mchanga. Fahamuni kuwa dua hiyo ni maneno ya mwanachuoni, si Hadithi ya Mtume (S.A.W.), kwa hiyo asiyeihifadhi kwa Kiarabu asijione mkosefu. Akisema maana yake kwa Kiswahili, au kwa Kikurya kwa bibi asiyejua Kiswahili vizuri, inatosha.

Angalia jinsi dua ile ilivyopangika. Haisemi mtoto ni wa kike au wa kiume, wala haisemi atakuwa nani. Inaanza na kilichokwisha kutolewa, kisha inaomba kheri kwa kitakachokuja. Mpango huo mnaweza kuuchukua na kuutumia katika pongezi nyingine zote.

Kabla sijauacha uzazi, lipo jambo moja la hatari. Ukisikia "fulani amejifungua", usikimbilie kutuma ujumbe. Sikiliza kama wameongeza neno salama, au kama wamesema mama na mtoto hawajambo. Kama hawakusema, muulize kwanza mtu wa pembeni, shangazi au jirani, wala usimuulize mama mwenyewe. Huenda mtoto amezaliwa kabla ya wakati na bado yuko hospitali, au amefariki. Hongera ikimfikia mama aliyempoteza mtoto, hakuna samahani itakayoweza kuirudisha. Akiwa mtoto bado anauguzwa, sema: "Tumesikia, tunawaombea nyote wawili." Hongera yako iweke, siku yake itafika inshaallah.

Sasa tuje kwenye mitihani. Matokeo ya kidato cha nne hutoka kwa namba za watahiniwa na kila mtu anaweza kuyafungua kwenye simu. Kwa hiyo mara nyingi wewe utakuwa umeyaona ya rafiki yako kabla hajakuambia, na hapo ndipo ulimi huteleza. Chukua mfano wa rafiki aliyepata divisheni three ya pointi 24. Divisheni three huanzia pointi 22 hadi 25, kwa hiyo amefaulu. Lakini hujui yeye alikuwa akitarajia nini. Kama alikuwa akiwaza divisheni one, ambayo mwisho wake ni pointi 17, basi leo amejifungia chumbani. Kama mwaka mzima alikuwa akiugua na nyumbani walishamkatia tamaa, basi leo kwao kuna sherehe. Pointi ni zile zile 24.

Kwa hiyo anza kwa kumuuliza: "Vipi, umeyapokeaje?" Akicheka, mpe hongera yake kamili: "Hongera kwa kufaulu, nilikuwa nakuona unavyosoma usiku. Allah akufungulie na mbele." Hapo umetaja kitu ulichokiona kwa macho yako, nacho humfurahisha mtu kuliko sifa za jumla. Akiwa mnyonge, usimlazimishe hongera. Mwambie: "Uliifanya kazi yako. Nitakuja jioni." Kisha nenda kweli.

La kuepuka hapa ni kulinganisha. "Hongera, umempita hata fulani" ni pongezi inayomjeruhi mtu wa tatu, na kwa mji mdogo kama wetu itamfikia kabla ya Isha. Baraza la Mitihani lenyewe, lilipotangaza mwanzoni mwa mwaka 2023 matokeo ya kidato cha nne ya 2022, liliacha kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora kama lilivyozoea. Na pia usimwambie mwenzako "sasa wewe ni daktari" kwa sababu amepata A ya Baiolojia. Huyo ndiye yule mpanda farasi wa Basra.

Kuhusu kazi nitasema kwa ufupi, tena kwa aibu, kwani aliyekosea ni mimi. Rafiki yangu tuliyesoma naye alipata kazi. Nilipompigia simu nilimwambia: "Umeula! Usitusahau kwenye ufalme wako." Tukacheka. Sikujua kwamba ilikuwa kazi ya mkataba wa miezi mitatu, na mshahara wa mwezi wa kwanza ulichelewa. Wenzetu wengine nao walimpongeza kama mimi, kisha wakaanza kumkopa. Yeye hakuwa na cha kutoa wala hakuwa na namna ya kueleza, akaacha kupokea simu zetu. Ilichukua karibu mwaka kabla hatujazungumza tena, na yeye ndiye aliyenisamehe kabla sijaomba.

Neno "umeula" linakisia mfuko wa mtu. "Usitusahau" linadai. Pongezi ya kazi haina haja ya kimojawapo. Sema: "Hongera kwa kazi. Allah akutie baraka ndani yake na akukutanishe na watu wema." Usiulize mshahara. Kama atataka kukuambia, atakuambia mwenyewe.

Huenda mtu akauliza, je, maneno mafupi namna hii hayaonekani kama kutojali? Mtazameni Kaab bin Malik (R.A.). Alibaki nyuma katika vita vya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, na watu wakaamrishwa wasiseme naye kwa siku hamsini. Toba yake ilipokubaliwa akaenda msikitini, na Talha bin Ubaydillah (R.A.) akainuka, akamwendea mbio, akampa mkono na kumpongeza. Katika Muhajirina hakuinuka mwingine. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na aliyeipokea kutoka kwa Kaab ni mwanawe Abdullah, aliyekuwa akimshika mkono na kumwongoza baada ya macho yake kupofuka. Miaka yote hiyo ilipita, na mzee Kaab bado alikuwa akisema hamsahau Talha kwa siku ile. Hatukuhifadhiwa hotuba ya Talha. Kilichobaki ni kwamba aliinuka mapema.

Ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160. Zile pongezi tatu nilizozitaja, ya mzazi, ya mtihani na ya kazi, kila moja inaingia humo na nafasi inabaki. Hiyo nafasi usiijaze.

Na wewe ukipongezwa, jibu. Wapo wanaoona haya wakasema "ah, si kitu" au "bahati tu", wakamwacha mwenzao na hongera yake mkononi. Sema: "Ahsante, amin, na wewe Allah akujaalie." Yule mama jirani yetu alipelekewa salamu nyingine siku ya saba, siku ya akika, na safari hii wasichana wetu walimwita mtoto kwa jina lake. Mke wangu anasema mama aliifunua kanga mwenyewe, akawaambia, "Haya, mpakateni."