Umeme Ukikatika Ghorofa ya Tatu: Sola, Inveta au Jenereta?

Kwanza tazama umeme wa mtaani kwako unakatika vipi. Mwishoni mwa 2023 Dar es Salaam ilikuwa kwenye mgao, na kulikuwa na siku ambazo giza lilidumu kutwa. Kisha mapema 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ulianza kuzalisha, na mgao ukapungua. Kukatika hakukwisha. Leo sababu mara nyingi ni transfoma iliyozidiwa, nguzo iliyogongwa au matengenezo ya laini, na katika hali hizo umeme hurudi baada ya saa mbili, nne, pengine sita. Mtu anayekosa umeme saa tano kisha akaupata usiku kucha ana shida tofauti kabisa na anayekaa siku mbili gizani. Maana kama umeme unarudi kila siku, huhitaji mtambo wa kuuzalisha nyumbani. Unahitaji mahali pa kuuweka.

Hapo ndipo inveta inapoipita jenereta kwa mkaaji wa fleti. Inveta yenye chaja ndani yake huijaza betri wakati umeme upo. Ukikatika, huuchukua umeme wa betri na kuugeuza kuwa wa volti 230 unaotumiwa na vifaa vya nyumbani, na hufanya hivyo haraka kiasi kwamba televisheni inaweza isizimike.

Tuchukue familia ya watu watano iliyopanga ghorofa ya tatu, Sinza. Jioni inataka taa tatu za LED za wati 9, televisheni ya wati 50, pangaboi la wati 65, ruta ya intaneti ya wati 10, na kuchaji simu, tuseme wati 10 nyingine. Jumla ni kama wati 160. Kwa saa tano hiyo ni wati-saa 800. Inveta yenyewe hula sehemu ya umeme inaougeuza, kwa hiyo betri italazimika kutoa kama 920.

Sasa familia inaingia dukani na kuonyeshwa betri ya volti 12, ampea-saa 100. Zidisha: ni wati-saa 1,200. Inaonekana inatosha na chenji inabaki, na wengi hulipa hapohapo. Lakini kama ni betri ya risasi, iwe ya maji au ya jeli, ukiizoesha kuikamua zaidi ya nusu unaiua mapema. Nusu ni 600. Familia yetu itapata saa tatu na ushee, halafu giza, na baada ya miezi kadhaa ya kuibana hata hizo tatu zitapungua. Inahitaji ampea-saa 200 za risasi, au 100 za lithiamu, kwa kuwa lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti hukubali kutolewa hadi karibu asilimia 90 bila kulalamika. Ndiyo maana kulinganisha bei ya betri mbili zenye namba ileile ubavuni kunapotosha: ile ya lithiamu inafanya kazi ya mbili za risasi, au karibu na hapo, na hudumu miaka mingi zaidi.

Kuna betri moja ya kukataa hata ukipewa kwa bei ya kutupa, nayo ni ya gari au lori. Mafundi wengine huifunga kwenye inveta kwa sababu inapatikana kila kona. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kutoa kidogokidogo usiku kucha. Ikikamuliwa hivyo kila siku haifiki mbali.

Jambo linalosahaulika zaidi ni chaja. Familia yetu ikitumia umeme wa jioni nzima, chaja ya ampea 10 itahitaji saa tisa au kumi kuurudisha kwenye betri ya risasi. Umeme ukirudi saa nne usiku, sawa, asubuhi betri imejaa. Lakini mgao ukirejea, umeme uwepo saa sita tu kwa siku, betri itakuwa inashindwa kujaa siku baada ya siku, na betri ya risasi inayokaa nusu tupu huharibika ndani. Dalili yake utaiona: taa ya chaja inaonyesha imejaa upesi mno, kisha umeme unaisha upesi vilevile. Pale ambapo vipindi vya umeme ni vifupi, lipia chaja kubwa kabla ya kulipia betri kubwa.

Muulize pia muuzaji kama inveta inatoa wimbi safi. Zile za bei rahisi hutoa umeme wa ngazingazi. Taa haijali, ila pangaboi litavuma na kupata joto. Friji iache nje ya hesabu. Inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa nyuma yake, na itakulazimu ununue inveta kubwa zaidi, ilhali friji isiyofunguliwa hutunza ubaridi kama saa nne. Pasi na birika usiyafikirie.

Sola je? Kwa fleti, tatizo ni paa. Si lako, na roshani hupata jua nusu siku, tena kivuli cha nguo zilizoanikwa kikiangukia sehemu ndogo tu ya paneli hupunguza umeme kwa kiasi kikubwa. Paneli nyuma ya kioo cha dirisha nayo hupoteza. Lakini taa ndogo za sola zenye betri yake ni habari nyingine: hazihitaji fundi wala ruhusa ya mwenye nyumba, na nyingi huchajiwa pia kwa waya wa simu. Kwa mpangaji anayetaka mwanga na simu tu, taa mbili za namna hiyo zinamtosha, na inveta ingekuwa kutupa pesa.

Jenereta ndogo ya petroli huonekana rahisi siku ya kununua. Ikitumia nusu lita kwa saa, saa tano ni lita mbili na nusu. Kwa petroli iliyozunguka shilingi 3,000 miaka ya karibuni, jioni moja ni shilingi 7,500. Kujaza betri kwa kazi ileile hakufiki uniti moja na nusu ya LUKU, yaani kama shilingi 500. Na hilo si baya zaidi. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini. Jenereta inatakiwa kuwa mita sita au zaidi kutoka kwenye dirisha lolote, na roshani ya ghorofa ya tatu haina mahali hapo. Ukijiepusha wewe, moshi unapanda kwa jirani wa juu. Jenereta iwe ya jengo zima, chini uani, ikiwa na swichi ya kubadilishia iliyofungwa na fundi mwenye leseni. Kuichomeka kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili kunarudisha umeme kwenye laini ambayo fundi wa TANESCO anaamini imezimwa.

Ukinunua betri, ipime ndani ya siku za kwanza za waranti. Ijaze kabisa, washa vifaa vya jumla ya wati 100, andika saa. Lithiamu ya ampea-saa 100 iende kama saa kumi. Ikizima saa ya sita, irudishe dukani na risiti.