Mgahawa Unapohama

Mteja wa chai ya asubuhi huenda mgahawani kwa mazoea, kwa hiyo tangazo la kuhama lina kazi ya kuigeuza njia yake.

Tuseme mgahawa wa Kariakoo unatoka Mtaa wa Mchikichi kwenda jengo kubwa zaidi Mtaa wa Livingstone. Jina la mtaa peke yake halitoshi, maana mtaa ni mrefu. Itajwe njia panda ya karibu, ghorofa, na upande ulipo mlango.

Tarehe ziwe mbili: siku ya mwisho kuuza pale pa zamani na siku ya kufungua papya, pamoja na saa. Zisitangazwe kabla leseni ya eneo jipya haijatoka, kwani ufunguzi ukiahirishwa, wateja huzoea kwa jirani.

Shukrani nazo ziguse jambo wanalolijua: “Wateja wetu wapendwa, mlikunywa chai mmesimama kwa kukosa viti. Asanteni sana kwa subira. Viti sasa vipo, na bei ya maandazi ni ile ile.”

Nakala moja ibandikwe kwenye mlango wa zamani, mwenye nyumba akiridhia, kwa wale wanaopita mara moja kwa mwezi.