"Tutaona" si "ndiyo"

Mpangaji mmoja wa Dar es Salaam alirekodi simu yake na mama mwenye nyumba, na mama alijua. Mama alitaka 250,000 kwa mwezi, kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Kijana akaomba 220,000, alipe miezi 3 kwanza. Dakika ya nne mama akasema: "Haya mwanangu, lete 230,000, ila miezi 6 yote, kabla ya Jumamosi."

Hapo ndipo wengi wanapokosea wakiandika. Wanaandika "wamekubaliana 230,000", kumbe bei hiyo imefungwa na masharti mawili, na kijana alijibu tu, "Nimekusikia, mama." Kusikia si kukubali. Andika dakika, aliyesema, na maneno yake yalivyo, pamoja na lile "ila". Kwenye safu ya kijana, 220,000 inabaki mpaka aseme mwenyewe vingine.

Kisha bomba la jikoni linalovuja. Kijana aliomba litengenezwe kabla hajahamia, mama akajibu, "Tutaona, fundi yupo." Hiyo iandikwe kama ombi lisilojibiwa. Ukiandika "atatengeneza", umemtwisha mama ahadi ambayo hakuitoa, na siku ya ugomvi rekodi itakuumbua.

Kijana alimtumia mama ujumbe: "Mama, 230,000 mara 6 ni 1,380,000, nitalipa Ijumaa. Bomba je?" Jibu likaja jioni: "Sawa. Bomba nusu kwa nusu." Sharti hilo jipya halikuwamo kabisa kwenye simu.