Kingo za majani zikikauka, usikimbilie kuongeza mbolea

Pilipili hoho iliyopandwa kwenye ndoo ya lita 10, barazani mwa nyumba moja Tabata, Dar es Salaam, ilikuwa imeanza kutoa maua. Jumamosi mama wa nyumba hiyo akainyunyizia mbolea ya CAN, kama kiganja kizima. Kufika Jumatano, kingo za majani mengi zilikuwa za kahawia na zimekauka, huku katikati ya jani pakiwa bado kijani. Jani moja la chini kabisa lilikuwa la njano lote.

Mama akadhani mmea una njaa, akachukua mfuko ili aongeze. Angeongeza, angeumaliza.

Lile jani la njano halikuwa na shida, lilikuwa limezeeka tu. Jani likizeeka, mmea huondoa virutubisho vyake na kuvipeleka kwenye majani machanga. Ndiyo maana uzee huanzia chini, jani moja moja, na rangi hubadilika jani zima. Ukiligusa, hudondoka. Lakini majani mengi ya chini yakigeuka njano kwa pamoja na mmea mzima ukapauka, hapo huenda kweli mbolea imepungua.

Kingo za kahawia ni habari nyingine. Mbolea ya dukani kwa kawaida ni aina ya chumvi. Ikizidi, mizizi hushindwa kunywa maji, na mmea hunyauka hata udongo ukiwa umelowa. Chumvi inayofanikiwa kupanda hukusanyika pembeni mwa jani, na pale ndipo panapoungua. Dalili huonekana siku chache baada ya kuweka mbolea, kwenye majani mengi kwa mara moja, na mara nyingi juu ya udongo huwa na unga mweupe. Ukame na maji ya kisima yenye chumvi pia huunguza kingo, kwa hiyo kumbuka kwanza uliweka nini na lini.

Tiba ni maji. Kwangua ule unga mweupe, hakikisha ndoo ina matundu, kisha mwagia polepole maji yasiyo ya chumvi mara mbili ya ujazo wake. Kwa ndoo ya lita 10 ni lita 20, kwa awamu mbili. Yaache yatoke yote, usiyaache yatuame kwenye sahani ya chini. Usiweke mbolea kwa takriban mwezi mmoja.

Kingo zilizoungua hazitarudi kuwa kijani. Angalia majani mapya: yakitoka mazima, mmea umepona.

Siku ya kurudia mbolea, yeyusha kizibo kimoja cha soda cha CAN, kama gramu 5, katika lita 5 za maji, na umwagie udongo uliokwisha kulowa. Watoto wakipenda kusaidia, wape kizibo, si mfuko, kisha wanawe mikono.