Fahamu: Onyo la mdomo linavyoandikwa likafaa baadaye

Mgogoro wa kuachishwa kazi ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kifungu cha 39 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri athibitishe kuwa uachishaji ulikuwa wa haki. "Nilimwambia mara nyingi" hapo haimsaidii sana.

Chukua mfano wa keshia anayefunga hesabu bila kujaza fomu ya makabidhiano. Msimamizi anamwita pembeni, wanaongea dakika kumi, yanaisha. Kumbukumbu nzuri huandikwa siku hiyohiyo: "Jumanne, tarehe 4, zamu ya jioni, fomu haikujazwa. Nimemweleza utaratibu. Amesema foleni ilikuwa ndefu na hakuachiwa fomu. Tumekubaliana fomu ziwekwe kaunta. Tutapitia tena tarehe 18."

Utetezi wa keshia umo humo, na hilo ndilo wasimamizi wengi huliruka. Neno "mzembe" halimo, maana hiyo ni hukumu, si tukio.

Keshia apewe nakala, asaini kuwa ameipokea, si lazima kwamba amekubali. Akikataa, iandikwe hivyo mbele ya shahidi. Kisha tarehe 18 msimamizi apitie kweli. Akiisahau, ahadi yake mwenyewe itamgeuka.

Karatasi hii bado si adhabu. Kosa likirudi, inaonyesha kwamba keshia aliijua kanuni na alipewa muda, lakini haichukui nafasi ya kumsikiliza kabla ya uamuzi. Na ikiandikwa miezi mitatu baadaye kwa tarehe ya nyuma, ni kughushi.